Kipimo cha Robo: Kusoma Iskemia Penye Kizuizi cha Tawi la Moyo

Mgonjwa mwenye kizuizi cha tawi la kushoto huonyesha ST iliyopanda kwenye V1 hadi V3 hata siku ambayo mishipa yote ya moyo wake iko wazi. Akija na maumivu ya kifua, ile alama tunayoitegemea kutambua mshipa ulioziba tayari iko kwenye karatasi, na haina maana tuliyoizoea. Kwa miaka mingi madaktari waliliona hilo kuwa ukuta usiopitika: penye kizuizi cha tawi la kushoto, ECG haisomeki. Inasomeka. Namna ya kuisoma ilipatikana kwa hatua mbili, ya kwanza mwaka 1996 na ya pili mwaka 2012, na hatua zote mbili zinaeleweka kwa urahisi ukishajua umeme umepita wapi.

Umeme ukishavuka kifundo cha AV huingia fungu la His, kisha hugawanyika kwenda tawi la kulia na tawi la kushoto. Sunao Tawara aliieleza njia hiyo yote mwaka 1906, na ramani yake tunaitumia hadi leo. Matawi yakiwa mazima, ventrikali zote mbili huamshwa karibu kwa pamoja, na QRS huwa chini ya sekunde 0.12, yaani vijisanduku vidogo vitatu vya karatasi inayokwenda milimita 25 kwa sekunde. Tawi la kushoto likikatika, ni kama barabara ya lami iliyofungwa: safari haikomi, ila inapita vichochoroni. Umeme hushuka kwa tawi la kulia, huvuka ukuta wa kati kutoka kulia kwenda kushoto, kisha husambaa kwenye ventrikali ya kushoto polepole, seli kwa seli. Ndiyo maana QRS inapanuka, kijiwimbi cha q kinapotea kwenye I na V6 na mahali pake panasimama R pana, huku V1 ikishuka kwa S ndefu.

Mwendo huo wa polepole hauishii kwenye QRS. Sehemu zilizoamshwa mapema huanza kupumzika wakati nyingine bado zinaamshwa. Matokeo yake, ST na T huelekea kinyume na QRS: palipo na R ndefu, ST hushuka, palipo na S ndefu, ST hupanda. Na kadiri QRS inavyokuwa kubwa, ndivyo ST inavyosogea zaidi. Kanuni hiyo ya ukinyume na uwiano ndiyo ufunguo wa kila kitu kinachofuata.

Lakini kwanza kulikuwa na njia ya mkato. Mwaka 1994 uchambuzi wa pamoja wa majaribio ya dawa za kuyeyusha damu ulionyesha kwamba wagonjwa wenye kizuizi cha tawi walinufaika na dawa hizo. Miongozo ikachukua hapo agizo rahisi: maumivu ya kifua pamoja na kizuizi kipya cha tawi la kushoto yatibiwe kama mshipa ulioziba. Agizo hilo lilikuwa na kasoro kubwa. Tawi la kushoto ni pana, na hupata damu kutoka zaidi ya mshipa mmoja. Ili shambulio la ghafla likate tawi hilo, linapaswa kuwa kubwa sana, na mgonjwa wa namna hiyo kwa kawaida huwa na shinikizo lililoanguka au mapafu yaliyojaa maji. Mtu aliyeketi kitandani anazungumza vizuri, mwenye kizuizi ambacho hakuna ECG ya zamani ya kukilinganisha nacho, mara nyingi amekipata kwa shinikizo la damu la miaka mingi, ugonjwa wa misuli ya moyo au wa vali ya aota. Kumpa mtu huyo dawa ya kuyeyusha damu ni kumweka kwenye hatari ya kuvuja damu kichwani bila faida. Mwaka 2013 mwongozo wa Marekani uliliondoa agizo hilo: kizuizi kipya peke yake si ushahidi wa shambulio.

Kuondoa agizo hakukutosha, kwa sababu miongoni mwa wagonjwa hao wapo ambao mshipa umeziba kweli. Hapo ndipo kazi ya Elena Sgarbossa na wenzake ya mwaka 1996 inapokuwa na uzito. Kutoka kwenye jaribio kubwa la GUSTO-1 walichukua ECG za wagonjwa 131 wenye kizuizi cha tawi la kushoto na shambulio lililothibitishwa, wakazilinganisha na za watu wenye kizuizi hicho hicho wasio na shambulio. Walitafuta mahali ambapo kanuni ya ukinyume imevunjwa. ST iliyopanda kuanzia milimita 1 katika lidi ambayo QRS nayo imeelekea juu ilipewa alama 5. ST iliyoshuka kuanzia milimita 1 kwenye V1, V2 au V3, ambako QRS imeelekea chini, ilipewa alama 3. Sharti la tatu lilikuwa ST iliyopanda kinyume na QRS kama inavyotarajiwa, lakini kupita kiasi, yaani milimita 5 au zaidi. Hilo likapata alama 2 tu. Alama 3 ndizo zilizohitajika kutoa hukumu.

Masharti mawili ya kwanza ni imara. ST ikifuata uelekeo wa QRS penye kizuizi cha tawi la kushoto, kuna jambo. Udhaifu uko kwenye sharti la tatu, nalo lilipewa alama zisizotosha kusimama peke yake. Milimita 5 ni nyingi kwa nani? Mwenye S ya milimita 45 anaweza kuwa na ST ya milimita 6 maisha yake yote. Mwenye S ya milimita 12 anaweza asifike 5 hata mshipa ukiwa umeziba. Kipimo kisichobadilika kiliwekwa juu ya kitu ambacho kwa asili yake hubadilika kwa uwiano.

Stephen Smith na wenzake walirekebisha hilo hilo mwaka 2012. Waliyaacha masharti mawili ya kwanza, wakabadilisha la tatu kuwa uwiano: ST iliyopanda, angalau milimita 1, ikigawanywa kwa kina cha S katika lidi hiyo hiyo, ikifika 0.25 au kuzidi, basi imezidi. Alama wakazifuta, sharti moja likitimia linatosha. Walibadilisha pia swali lenyewe, na kwa maoni yangu hilo lina uzito sawa na hesabu. Sgarbossa alitafuta shambulio lililoonekana kwenye vimeng'enya vya damu, na mashambulio mengi ya namna hiyo hayana mshipa ulioziba kabisa. Smith alitafuta mshipa ulioziba, ulioonekana kwa katheta, kwa kuwa huo ndio unaohitaji kufunguliwa sasa hivi. Mwaka 2015 kanuni hiyo ilipojaribiwa kwa kundi jingine, iligundua asilimia 80 ya walioziba mshipa, wakati alama za zamani ziligundua asilimia 49, na karibu bila kuwapotosha waliokuwa salama.

Tuchukue mfano wa darasani. Mama wa miaka 62, ana shinikizo la damu, kifua kinabana kwa saa moja na jasho linamtoka. QRS ni sekunde 0.15, kizuizi cha tawi la kushoto, hakuna ECG ya zamani. Kwenye V2, S ina kina cha milimita 30 na ST imepanda milimita 4.5. Jicho linakimbilia hapo. Gawanya: 0.15, kiasi kinachotarajiwa. Kwenye V3, S ni milimita 14 na ST milimita 2.5, sawa na 0.18. Hakuna sharti lililotimia, lakini mama bado anaumwa, kwa hiyo vibandiko vinabaki kifuani na ECG inarudiwa baada ya dakika 20. V2 iko vile vile. V3 sasa ina S ya milimita 14 na ST ya milimita 4: 0.29. Kwa alama za 1996 mama huyu angepata sifuri, maana hakuna lidi iliyofika milimita 5. Kwa uwiano, mshipa wa mbele wa kushoto umeziba hadi ithibitishwe vinginevyo, na kama maabara ya katheta ipo, iitwe. Angalia pia kwamba lidi yenye ST ndefu zaidi haikuwa na hatia. Iliyozidi ni ile fupi, iliyolinganishwa na S yake mwenyewe.

Hesabu hii huharibika hasa kwenye upimaji. ST hupimwa kwenye nukta J, pale QRS inapoishia, si kwenye mgongo wa T, na msingi wake ni usawa wa mstari kabla tu ya QRS kuanza. Mashine nyingine hupunguza kimo kwa nusu mawimbi yakiwa makubwa. Uwiano hauathiriki na hilo, ila milimita 1 ya chini kabisa huathirika, hivyo tazama alama ya kalibresheni pembeni mwa karatasi. Potasiamu iliyopanda sana na mapigo ya kasi sana yanaweza kuivuruga ST bila mshipa kuziba. Na uwiano wa chini hauondoi iskemia: mshipa uliobanwa bila kuziba hautaonekana hapa, na unabaki kutafutwa kwa troponini, ekokadiogramu na ECG zinazorudiwa.

Tawi la kulia lina habari tofauti. Likikatika, ventrikali ya kushoto bado huamshwa kwa njia yake ya kawaida. Kinachochelewa ni upande wa kulia tu, unaoongeza R ya pili kwenye V1 na S pana kwenye I na V6. Kwa hiyo ST iliyopanda penye kizuizi cha tawi la kulia ina maana ile ile ya siku zote. Kwenye V1 hadi V3 hali ya kawaida ni ST iliyoshuka kidogo na T iliyopinduka. ST iliyo sawa na msingi, nyuma ya R ndefu, tayari inastahili kutiliwa shaka.

Mtego ni kwamba R hiyo ya pili huungana na ST, na msomaji anaichukulia yote kuwa QRS pana. Dawa yake ni kutafuta lidi ambayo mwisho wa QRS uko wazi, tuseme V6 au I, na kushusha mstari wima hadi V2 iliyochorwa wakati huo huo. Pale mstari unapokata ndipo nukta J ilipo, na kilicho juu ya msingi hapo ni ST.

Kosa hilo lina gharama kubwa. Tawi la kulia na kijitawi cha mbele cha kushoto hulishwa hasa na vimishipa vya ukuta wa kati, vinavyotoka kwenye mshipa wa mbele wa kushoto karibu na mwanzo wake. Tawi hilo na kijitawi hicho vikikatika ghafla kwa mtu anayeumwa kifua, mshipa umeziba juu kabisa, na eneo linalokufa ni kubwa mno. Wagonjwa hao hufa kwa wingi kuliko wengi wanaokuja na kizuizi cha tawi la kushoto, ilhali kwa miaka mingi miongozo ililitaja la kushoto peke yake. Mwongozo wa Ulaya wa 2017 uliliongeza la kulia: maumivu ya iskemia yasiyokoma pamoja na kizuizi hicho, mgonjwa apelekwe kwenye katheta.