Kinyozi Asiyejua Anachosimulia

Ukisahihisha insha za wanafunzi kuhusu msimulizi asiyeaminika, sentensi moja utaiona mara nyingi: msimulizi huyu ni mwongo, kwa hiyo msomaji hamwamini. Sentensi hiyo huzima uchambuzi kabla haujaanza. Kama kila neno la msimulizi lingekuwa uongo, tusingejua chochote kilichotokea, na hadithi ingekuwa imekufa. Msomaji hugawa imani yake. Mambo mengine anayakubali, mengine anayakataa, na ubora wa kazi unapimwa kwa jinsi mwandishi alivyochora mpaka huo bila kumwambia msomaji kwamba upo.

Ukitaka kuona mpaka uliochorwa kwa mkono wa fundi, soma hadithi fupi ya Mmarekani Ring Lardner iitwayo "Haircut", iliyotoka mwaka 1925. Msimulizi ni Whitey, kinyozi wa mji mdogo. Mteja mgeni amekaa kitini, na Whitey anamnyoa huku akimpigia soga kuhusu Jim Kendall, marehemu aliyekuwa akiwachekesha watu pale dukani. Mgeni hasikiki hata mara moja. Sisi wasomaji ndio tumekaa kwenye kiti chake.

Kwa Whitey, Jim alikuwa mcheshi wa aina yake, mtundu kidogo lakini mtu mwema. Sasa tazama anayoyasimulia. Jim alipofukuzwa kazi alikuwa hapeleki nyumbani pesa za vibarua vyake, na mkewe alipojaribu kuzichukua kabla yeye hajazigusa, aliamua kumkomoa. Sarakasi ilipofika mjini, akamwambia mkewe na watoto wao wawili wamsubiri mlangoni, atakuja na tiketi. Hakwenda. Alikuwa analewa. Mama na watoto walisimama pale, watoto wakilia, mpaka daktari mgeni wa mji, Dokta Stair, alipowaona akawalipia.

Hapo ndipo pa kukaa na penseli. Whitey hakuficha kitu. Ametupa mlango wa sarakasi, watoto wanaolia, baba aliyelewa na mgeni aliyetoa pesa yake mfukoni. Habari zote ni sahihi. Kilichopinda ni jina alilolipa tukio: mzaha. Tunamwamini kama shahidi, tunamkataa kama hakimu. Mwanafunzi anayeweza kuandika hivyo na kutaja watoto wa mlangoni kama ushahidi, tayari amempita yule aliyeandika "ni mwongo".

Mhakiki Wayne Booth, aliyelipa jambo hili jina lake mwaka 1961, alilipima kwa umbali uliopo kati ya msimulizi na maadili yanayoongoza kazi yenyewe. Katika "Haircut" umbali huo unaonekana kwa macho. Mpangilio wa matukio unamlaumu Jim. Mdomo wa Whitey unamsifu. Kwa sababu hiyo ni kosa kubwa kuandika kwamba Lardner anashabikia ukatili. Anayeshabikia ni Whitey, na Lardner ndiye aliyemkabidhi maneno ya kujiumbua.

Kuna ngazi ya pili, ngumu zaidi. Jim anamtamani Julie, msichana wa mji, naye Julie anampenda Dokta Stair kimoyomoyo. Usiku mmoja Jim anaiga sauti ya daktari kwenye simu, anamwita Julie kwenye ofisi ya daktari, kisha yeye na wenzake wanajificha na kumzomea hadi anakimbia. Kijana Paul, ambaye alianguka mtini utotoni na akili yake ikaathirika, anawapenda Julie na daktari kwa sababu wanamtendea kiutu. Akapata habari ya kitendo kile na kumfikishia daktari. Kwa mujibu wa Whitey mwenyewe, daktari alimwambia Paul kwamba mtu wa kufanya jambo kama hilo hastahili kuachwa hai.

Muda mfupi baadaye Jim anatafuta mwenzake wa kwenda kuwinda bata. Paul anajitolea. Wanaingia kwenye boti wawili, anarudi mmoja. Paul anaeleza kwamba Jim alimwazima bunduki, naye hakuwahi kushika bunduki, akatetemeka, ikafyatuka. Dokta Stair, ambaye ndiye mchunguzi wa vifo vya ghafla wa eneo hilo, anatamka kuwa ni ajali ya wazi, hakuna haja ya kuita baraza. Whitey naye anafunga kesi: Jim alijitakia, kumpa bunduki mtu wa namna ile.

Hapa kinachokosekana si hukumu tu, ni uwezo wa kuunganisha. Maneno ya daktari yako mkononi mwa Whitey. Safari ya boti iko mkononi mwake pia. Ameyaweka karibu karibu, wala hayagusanishi. Msomaji anayagusanisha, na kwa mara ya kwanza anajua zaidi ya mtu anayemsimulia. Jiulize pia swali ambalo wachambuzi wengi hulisahau: Whitey amejuaje? Yeye hakuwa ziwani. Yaliyotokea ndani ya boti yametoka kwa Paul peke yake, na yamethibitishwa na mtu aliyesema Jim hastahili kuishi. Kwenye sarakasi tulimwamini shahidi. Kwenye boti hatuna shahidi kabisa, ingawa sauti ya Whitey haijabadilika hata kidogo.

Kwa kipimo hicho unaweza kutenga kazi nzuri na mbovu. Katika kazi mbovu, msimulizi anatuficha jambo alilolijua tangu mwanzo, kisha ukurasa wa mwisho analifichua ili tushtuke. Rudi mwanzo utafute dalili. Usipoiona, umechezewa tu. Kazi nzuri huweka kila kitu mezani mapema, na usomaji wa pili huwa mkali kuliko wa kwanza. Njia rahisi ya kujaribu ni kuliandika upya tukio moja kwa nafsi ya tatu, kwa sauti isiyo na upande. Sarakasi ikisimuliwa hivyo inabaki kuwa kisa cha baba katili, basi. Kinachopotea ni kicheko cha kinyozi, na ndani ya kicheko hicho mnaonekana mji mzima uliomwona Jim kila siku ukacheka naye. Kama hakuna kinachopotea, msimulizi yule alikuwa pambo.

Lakini usimwite kila msimulizi wa nafsi ya kwanza kuwa asiyeaminika. Mtu kutojua kila kitu ni hali ya kawaida ya binadamu. Unahitaji mahali mahususi ambapo matini yenyewe inampinga. Edgar Allan Poe, katika "The Tell-Tale Heart" ya mwaka 1843, anaweka mahali hapo waziwazi mno: muuaji anasisitiza hana wazimu huku akisikia moyo wa maiti ukidunda. Ni hadithi nzuri ya kujifunzia, ila kwa maoni yangu mkono wa Lardner ni mwepesi zaidi, maana Whitey hana wazimu wala hatia ya kuficha. Ni mtu wa kawaida, tena mkarimu.

Swali moja hadithi hailifungi, na kwenye mtihani ni hekima kulitaja likiwa wazi. Je, daktari alijua maneno yake yatamfikisha Paul wapi? Whitey hawezi kutujibu, kwa kuwa hajawahi kufikiri kwamba kuna swali. Unaweza kutetea kwamba daktari alitamka kwa hasira tu, kisha akamlinda kijana alipoona yaliyotokea. Unaweza pia kutetea kwamba alijua. Utetezi wowote utakaouchagua, uujenge juu ya yale Whitey aliyoyaripoti, si juu ya yale anayoyaamini.