Kitenzi "Kuunga" katika Tafsiri ya Menyu: Uhakiki wa Mfano kutoka Mikumi, Wilaya ya Kilosa

Makala hii inahakiki tafsiri ya mstari mmoja tu wa menyu ya mgahawa uliopo Mikumi, wilayani Kilosa, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa. Matini chanzi inasema: "Mchicha wa kuunga kwa karanga, pilipili kali kando." Matini lengwa ya Kiingereza, ikirejeshwa katika Kiswahili, inasema: "Spinachi ya kuchemsha, yenye pilipili."

Kuunga si kuchemsha. Mpishi hukaanga kitunguu, hutia nyanya na kuziacha ziive mpaka mafuta yajitenge, ndipo hutia mchicha. Mwishoni humimina karanga zilizokaangwa, zikatwangwa na kukorogwa kwa maji kidogo. Moto hupunguzwa na mwiko haupumziki, kwa kuwa karanga hushika upesi chini ya sufuria. Kitenzi kimoja kinabeba hatua hizi zote, na Kiingereza hakina kisawe chake cha neno moja. Mfasiri aliokota kitenzi kilichokuwa karibu, na pamoja na njia ya upishi akazitupa karanga zenyewe. Hapo kosa linavuka mipaka ya mtindo: mgeni ambaye mwili wake hudhurika kwa karanga ataagiza chakula hicho bila wasiwasi wowote.

Newmark (1988) anakubali kuunganisha mbinu mbili katika kufasiri neno moja la kiutamaduni. Kwa mstari huu, jina "mchicha" lingehamishwa lilivyo, likafuatwa na maelezo mafupi: mboga ya majani iliyopikwa kwa kitunguu na nyanya, ikaungwa kwa rojo la karanga. Nafasi ya menyu ni finyu, nami nakiri kwamba maelezo hayo ni marefu. Ikilazimu kupunguza, zipunguzwe nyanya, karanga zibaki.

Ugumu huzidi pale menyu inaposema "mchicha wa kuunga" na kuishia hapo. Mwenyeji haoni pengo, maana huuliza kwa mdomo kama ni wa nazi au wa karanga. Mfasiri aliyeketi na kamusi hawezi kulijaza pengo hilo. Inampasa aingie jikoni akaulize, tena arudi kuuliza kila mpishi anapobadili kiungo.

Sifa ya "kali" nayo inataka uangalifu. Pilipili kali huwasha, mtindi mkali umechacha, na chai kali imekolea majani. Kiingereza huhitaji neno tofauti kwa kila moja. Katika mstari wetu maana yake ni dhahiri, ila mfasiri amelidondosha neno "kando". Mboga isiyo na pilipili hata chembe imegeuka kuwa mboga inayowasha, na mgeni asiyependa pilipili ataipita, ilhali kwenye matini chanzi pilipili imo katika kisahani chake, na hiari ni ya mlaji.