Elfu Ishirini ya Kwanza

Mkusanya madeni anayeijua kazi yake haanzi na vitisho. Anaanza na ombi dogo: "Mama, tuma hata elfu ishirini leo, nipate cha kukutetea ofisini." Deni likiwa la zamani, ombi hilo ni la kuogopwa kuliko kutajiwa polisi, ambao kwa deni la kawaida la mkataba hawana kazi hapo. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inampa mkopeshaji miaka 6 ya kufungua shauri la mkataba. Ikipita, mahakama inatakiwa kulitupa shauri hata kama mdaiwa hakuutaja ukomo. Lakini kabla haijaisha, malipo ya sehemu ya deni, au maandishi yenye sahihi yanayolikiri, huanzisha hesabu upya. Elfu ishirini hiyo inaweza kumnunulia mkopeshaji miaka mingine 6.

Tuseme mdaiwa ni mama wa Bigwa, Morogoro, anayepokea ndizi kutoka milimani Uluguru na kuziuza Soko Kuu la Chifu Kingalu. Alikopa 1,000,000 kwa miezi 10, kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo ndiyo kikomo cha Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili. Rejesho lilikuwa 135,000. Alilipa marejesho 5, biashara ikayumba, akaacha. Imepita miaka 4, na sasa wakala anamdai 1,480,000.

Kabla ya kutaja bei yoyote, mama huyu anaomba vitu viwili: barua ya mkopeshaji inayompa wakala mamlaka ya kudai na kupatana, na taarifa ya mkopo inayoonyesha kila rejesho. Wakala asiyeleta barua hiyo huenda hana uwezo wa kusamehe hata shilingi moja, na mapatano naye ni maongezi tu. Taarifa ikija, deni linajichambua lenyewe: salio la mkataba ni 675,000, yaani mtaji 500,000 na riba 175,000. Faini ni 625,000, na gharama za ufuatiliaji 180,000. Hapo unaona pa kukatia. Mkopeshaji hung'ang'ania mtaji wake. Faini ndiyo huiachia kwanza, hasa pale mkataba wa awali usipotaja kiwango chake.

Nguvu ya mama huyu si huruma, ni pesa taslimu yenye tarehe. Kikoba chake kinavunjwa Desemba na mgao wake ni 400,000. Kwa hiyo anaandika barua ya kupendekeza 450,000. Juu yake anaweka maneno haya: "Pendekezo la maridhiano, bila kuathiri haki za upande wowote, si kukiri deni." Maneno hayo si kinga kamili, lakini kuyaacha ni kumpa mwenzako karatasi ya kupeleka mahakamani. Wakala anarudi na 800,000. Baada ya simu kadhaa wanakutana kwenye 600,000: 400,000 Desemba, 200,000 mwisho wa Februari.

Sasa wakala anataka pesa kwanza, karatasi "itafuata". Hapa ndipo mapatano mengi huharibika. Mama akilipa 400,000 bila maandishi, kilichobaki kwenye vitabu ni malipo ya sehemu ya 1,480,000, na ukomo umeanza upya. Kwa hiyo mkataba husainiwa kabla ya shilingi ya kwanza, ukiwa na mhuri na sahihi ya mkopeshaji mwenyewe, si ya wakala peke yake. Useme kwamba 600,000 ni malipo kamili na ya mwisho, kwamba salio lote, riba na faini zimesamehewa, na kwamba wadhamini wameachiliwa. Utaje akaunti ya mkopeshaji ya kulipia. Namba ya simu ya wakala isiwemo.

Kifungu cha kusoma mara mbili ni cha kuchelewa. Mara nyingi huandikwa kwamba siku moja ikipita, mapatano yanakufa na deni lote linarudi. Kwa mtu anayetegemea ndizi na barabara za milimani wakati wa mvua, huo ni mtego. Aombe siku 14 za nyongeza, na alichokwisha lipa kihesabiwe hata mapatano yakivunjika.

Malipo ya mwisho yakishaingia, kazi bado. Anadai barua ya kumaliza deni, kadi ya pikipiki aliyoweka dhamana, na marekebisho ya rekodi yake katika taasisi za taarifa za mikopo kama Creditinfo. Rekodi hiyo haijisafishi yenyewe. Mkopeshaji ndiye hutuma taarifa mpya, na asipoituma, ombi lijalo la mkopo benki litakwama kwa deni lililokwisha kulipwa. Kwa hiyo siku ya kutuma taarifa hiyo nayo iandikwe ndani ya mkataba.