Kwa Hiyo Nilipe Ngapi?

Hotuba ya nauli naiandika mezani, lakini maswali yake nayaokota stendi. Kabla ya kusimama mbele ya wananchi wa Mwanga, hukaa asubuhi moja pembeni ya mabasi nikisikiliza abiria wanavyobishana na makonda. Nanakili swali kama lilivyotamkwa: "Mbona kwenda Moshi mnatutoza hivyo?" Ukilisafisha swali, na jibu litakuja limevaa tai.

Kila swali nalitengea sentensi tatu. Ya kwanza inajibu, ya pili inatoa sababu, ya tatu inamwambia mtu afanye nini. Ugumu uko kwenye namba.

Rasimu yangu ya kwanza ilisema hivi: Desemba 2023 LATRA ilipandisha nauli ya basi la kawaida kwenye lami kutoka shilingi 41.29 hadi 48.47 kwa abiria kwa kila kilometa. Hakuna uongo hapo. Nilimsomea shangazi akichambua maharage, akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Kwa hiyo nilipe ngapi?"

Nikarahisisha: "karibu shilingi hamsini kwa kilometa." Hapo nikaharibu zaidi. Safari ya kilometa 50 kwa kiwango halisi ni shilingi 2,424. Kwa kiwango changu cha mdomoni ni 2,500. Ningempa konda shilingi 76 za kila abiria, tena mbele ya mashahidi. Nikajifunza kwamba ukitaka kukadiria, piga hesabu yote kwanza, ukadirie mwisho.

Jibu lililobaki ni hili, na namba nimeiandika kwa maneno ili ulimi usijikwae: "Kilometa hamsini za lami, basi la kawaida, mwisho wa nauli ni elfu mbili mia nne na ishirini na kidogo. Huo ni ukomo; mwenye basi anaruhusiwa kutoza chini yake, si juu yake. Ukitozwa zaidi, tunza tiketi ukalalamike LATRA."

Najua pia kwamba mtu wa milimani atanyoosha mkono. Kiwango cha lami hakipandi naye hadi kwenye vumbi, kwa hiyo jibu lake linasimama peke yake: "Barabara ya vumbi ina kiwango chake, na kiko juu kuliko cha lami. Niambie njia yako, nitakuletea hesabu." Baada ya hapo nimejiandikia neno moja kwenye karatasi: *nyamaza*. Ukimya wa ukumbini humshawishi msemaji kuongeza sentensi ya nne, na mara nyingi hiyo ndiyo ya kubahatisha.

Nawe ukiandaa majibu yako, msomee kwa sauti mtu anayelipa nauli. Akikuuliza alipe ngapi, rudi mezani.