Linki Haikuwa Kiambatisho

Kijana wa mashine hakupaswa kubonyeza tuma. Nalisema hili mwanzoni ili tusizungushane. Nyote mliowahi kupanga foleni steshenari pale Soweto, Ijumaa jioni, tangazo la kazi likifungwa siku hiyohiyo, mnaujua mchezo ulivyo.

Mwombaji alikuwa anataka nafasi ya mhasibu msaidizi katika kampuni moja ya kupandisha wageni mlimani. Barua yake ilikuwa nzuri, CV yake ya kurasa mbili ilikuwa safi, na namba ya tangazo aliiandika kwenye mada ya barua pepe. Hayo yalikwenda sawa, tuyaache.

Vyeti vyake vilikuwa kurasa tisa, vyote vimegongwa mhuri wa wakili. Vikaskaniwa, vikatoka faili moja la PDF lenye MB 36. Lilipowekwa kwenye Gmail, halikukaa kama kiambatisho. Gmail haibebi zaidi ya MB 25, na ukiizidishia haikufokei: inapakia faili lako Google Drive kimyakimya, kisha inaweka linki ndani ya barua. Hapo ndipo mechi ilipopotea. Ile linki ilikuwa taarifa kwamba mzigo umekataliwa, lakini pale kaunta ikasomeka kama msaada. Kabla ya kutuma, Gmail ikauliza kuhusu ruhusa ya kufungua faili. Wakachagua kutuma hivyohivyo, ruhusa ikabaki kwa mwenye akaunti peke yake.

Tazameni kilichotokea upande wa pili. Jumatatu karani wa ofisi akafungua barua pepe, akabonyeza linki, akakuta ukurasa wa kuomba ruhusa. Muungwana yule akaomba. Ombi likaenda kwenye akaunti ya Gmail ya mwombaji, ambayo anaifungua akiwa steshenari tu. Alipoliona, orodha ya watakaoitwa kwenye usaili ilikuwa imeshafungwa. Hakuna aliyemkataa, vyeti vyake havikusomwa tu.

Msiniambie kosa lilikuwa ruhusa. Hata linki ingekuwa wazi kwa kila mtu, bado ningeipinga. Karani anayekusanya maombi huhifadhi viambatisho kwenye folda moja, huvichapisha, huvipeleka mezani kwa bosi. Linki haiingii kwenye folda hiyo mpaka mtu akaipakue kwa mkono, na mwenye maombi mengi mbele yake hana sababu ya kukufanyia kazi hiyo. Tena faili lililoko Drive ni lako: ukilifuta mwezi ujao kwa sababu nafasi ya bure ya GB 15 imejaa, vyeti vyako vinatoweka na huko ofisini pia.

Sasa MB 36 zilitoka wapi? Zilitoka kwenye skana iliyoachwa kwenye 600 dpi ya rangi. Ugomvi wangu na namba hiyo ni wa siku nyingi. Ukurasa wa A4 kwa 300 dpi una nukta 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Ukipandisha hadi 600 hupati mara mbili, unapata mara nne, kwa sababu nukta zinaongezeka kwa urefu na kwa upana. Kwa hesabu hiyohiyo, kushuka kutoka 600 hadi 200 kunagawanya mzigo kwa tisa. Kurasa zile tisa zingerudi karibu MB 4, zikapita bila linki wala ruhusa, na kwenye karatasi iliyochapishwa usingeona tofauti.

Kuna wanaojibu kwamba wangepunguza mpaka MB 24 wakapita chini ya mstari. Gmail ingewapitisha, lakini seva ya ofisi inayopokea ingeweza kuwarudisha. Faili linaposafiri kwa barua pepe hugeuzwa kuwa herufi: kila baiti tatu huwa herufi nne. Mzigo unanenepa njiani kwa theluthi moja na zaidi kidogo, na seva inayopokea hupima mzigo huo ulionenepa. Ofisi yenye seva yake mara nyingi huweka kikomo cha chini kuliko cha Gmail. Exchange ya Microsoft, kabla mtu hajaibadilisha, huanza na MB 10, ambazo kwa faili halisi ni kama 7. Ukivuka hapo unarudishiwa barua ya Mailer-Daemon yenye namba 552, nayo nani anaisoma Ijumaa usiku? Kaa chini ya MB 5 kwa viambatisho vyote kwa pamoja, isipokuwa tangazo limesema vingine.

Ila msikimbilie upande wa pili. Wapo wanaobana uzito kwa kuskani weusi na weupe mtupu, usio na kijivu. Cheti cha baraza la mitihani kina michoro hafifu nyuma ya maandishi, na mashine ikilazimishwa kuchagua nyeusi au nyeupe tu, michoro ile inageuka matope na mhuri wa wakili unazama humo. Chukua rangi au kijivu kwa 200 dpi, kisha kuza ukurasa kwenye kioo: namba ya mtahiniwa na tarehe ya mhuri zikisomeka, inatosha. Zisiposomeka, panda 300 kwa ukurasa huo mmoja. Wanaopiga picha cheti wakaituma WhatsApp kama picha ya kawaida nao nimeshawasema: WhatsApp huipunguza, na herufi ndogo ndizo hufa kwanza. Itumeni kama waraka.

Jina la faili lilikuwa `Scan_0012.pdf`. Karani akihifadhi hilo, kesho linafika `Scan_0012.pdf` la mwombaji mwingine, na kompyuta inamuuliza kama alifute la kwanza. Mahazili waliofundishwa Tabora, enzi za taipureta na bahasha za kaki, wasingeruhusu upuuzi huu. Kwao jalada lilikuwa na jina la mwenyewe, kichwa cha habari na namba ya mfuatano, hata mgeni angelipata kabatini bila kuuliza. Tuwaige:

```
01_UKOO_JINA_Barua_Mhasibu.pdf
02_UKOO_JINA_CV.pdf
03_UKOO_JINA_Vyeti.pdf
```

Weka ukoo wako na jina lako palipoandikwa hivyo. Namba za mbele zinalazimisha mpangilio, barua ikaja kwanza. Ukiongeza namba ya tangazo, mkwaju ulioko kwenye namba nyingi za namna hiyo Windows haiukubali katika jina la faili, kwa hiyo andika kistari mahali pake. Ukoo wenye ng' uandike bila kile kialama cha juu, maana baadhi ya mifumo hukwama hapo. Tangazo likitaka faili moja, unganisha yote matatu kwa mpangilio huohuo. Amri ya tangazo inashinda ya kwangu.

Na kabla ya yote, jitumie mwenyewe kwenye akaunti nyingine, ufungue kwa simu ambayo haijawahi kuingia kwenye akaunti yako. Ukikuta linki mahali pa kiambatisho, hujatuma kitu.

Lawama simpi mwombaji, aliyelipia huduma akiamini inajulikana. Nawapa wenye steshenari wanaotoza kwa ukurasa na kuiacha mashine kwenye 600 mwaka mzima. Ingieni kwenye mipangilio ya skana leo, mwandike 200, mhifadhi. Mteja akitaka picha ya harusi ndipo mpandishe.