Asilimia 10 ya Asidi ya Azelaiki: Kinachoyeyuka na Kinachobaki Unga

Chukua gramu 10 za asidi ya azelaiki, unga mweupe, uzitie kwenye maji hadi jumla ifike gramu 100, kisha ukoroge mpaka mkono uchoke. Kitakachoyeyuka ni kama robo gramu tu. Zaidi ya gramu 9 zitatuama chini ya chombo. Kila kampuni inayotengeneza krimu ya 10% huanza na tatizo hilo, na namna ilivyolitatua ndiyo inayoamua kama uso wenye ngozi nyeti utaivumilia krimu hiyo au utawaka.

Kwanza tuziweke sawa namba zenyewe. Marekani, krimu ya 20% iliidhinishwa kuwa dawa ya chunusi mwaka 1995 kwa jina la Azelex, na jeli ya 15%, Finacea, ikafuata mwaka 2002 kwa ajili ya rosasea, ule ugonjwa wa uso kuwaka, kuwa mwekundu na kutoa vipele. Zote mbili hutolewa kwa cheti cha daktari. Kinachouzwa huru huko ni 10% au chini yake, tena kama kipodozi. Asidi hii haimo katika orodha ya viambato vya chunusi vinavyoruhusiwa kuuzwa bila cheti, ndiyo maana lebo za bidhaa hizo huzungumzia kung'arisha na kusawazisha rangi ya ngozi bila kutaja tiba. Australia sheria ni nyingine: huko mfamasia anaweza kukuuzia hata 15% au 20% bila cheti. Zinazoagizwa na kuuzwa katika maduka ya vipodozi ya Dar es Salaam na Nairobi kwa kawaida ni za 10%, kwa hiyo nitabaki na hizo.

Njia ya kwanza ya kuufikisha unga huo kwenye 10% ni kuusaga hadi uwe laini mno, kisha kuuning'iniza ndani ya krimu nzito, mara nyingi yenye silikoni, ili usituame. Sehemu ndogo huwa imeyeyuka na nyingine hubaki chembechembe. Zile chembe hazina kazi mpaka ziyeyuke, na juu ya ngozi huyeyuka polepole kadiri ile sehemu iliyokwisha kuyeyuka inavyoingia ndani. Kwa ngozi nyeti mwendo huo wa taratibu una faida, maana asidi haivamii yote kwa mkupuo. Shida yake ni usagaji. Unga ukisagwa vibaya, au krimu ikipashwa joto stoo kisha ikapoa, kisha ikapashwa tena, asidi iliyoyeyuka kwa joto hurudi kuganda juu ya chembe zilizopo na kuzikuza. Joto la kontena na la maduka yasiyo na kipoza hewa huifanya kazi hiyo vizuri sana. Kuijua krimu ya namna hiyo ni rahisi: paka kidogo sana juu ya kioo kisafi, itandaze kwa kidole, kisha itazame dhidi ya taa. Krimu nzuri huacha utando wenye ukungu sawasawa. Iliyoharibika huonyesha nukta na vipande, na kidoleni utahisi mchanga. Usiipake usoni, kwani kila chembe kubwa ni sehemu ndogo yenye asidi nyingi kupita kiasi, na kuisugua ni kuikwaruza ngozi ambayo tayari inalalamika.

Njia ya pili ni kuuyeyusha unga kwa viyeyushi kama propilini glikoli au ethoksidiglikoli. Bidhaa hizi huwa laini, angavu na za kupendeza kupaka. Lakini viyeyushi hivyo ndivyo pia vinavyoifungulia asidi njia ya kupenya ngozi, na baadhi ya watu huchonyotwa na kiyeyushi chenyewe hata kabla ya asidi kufanya lolote. Jambo hilo linaeleza kwa nini jeli ya 15% huingiza asidi nyingi zaidi ndani ya ngozi kuliko krimu ya 20%. Jeli ile ina asidi iliyosagwa laini sana, na sehemu yake ya kutosha imeyeyuka. Krimu imeibeba nyingi zaidi lakini inaiachia kwa shida. Namba ya mbele ya tyubu inakuambia kilichowekwa ndani. Kitakachofika ndani ya ngozi ni habari nyingine.

Njia ya tatu ndiyo inayowapotosha wengi, hasa wanaojitengenezea nyumbani. Ukiongeza alkali ya kutosha, pH inapanda, unga unayeyuka wote na chupa inapendeza kama maji. Tatizo ni kwamba asidi iliyopoteza hidrojeni zake huwa na chaji ya umeme, na kitu chenye chaji hupenya kwa taabu kwenye tabaka la juu la ngozi, ambalo limejaa mafuta. Asidi ya azelaiki huachia hidrojeni ya kwanza karibu na pH 4.5 na ya pili karibu na 5.5. Ukipiga hesabu, katika pH 4.8, ambayo ndiyo ya jeli ya dawa, karibu theluthi moja ya asidi iliyoyeyuka bado haina chaji. Katika pH 6 inayobaki bila chaji haifiki hata 1%. Chupa angavu ya 10% yenye pH 6 haitakuchonyota, na sababu kubwa ni kwamba haiingii. Nionapo tangazo linalojivunia kuwa na asidi ya azelaiki 10%, isiyochonyota kabisa, iliyo angavu kama maji, nataka kwanza kujua pH yake.

Ipo pia bidhaa ambayo si asidi hii hasa. Kwenye lebo utaisoma kama Potassium Azeloyl Diglycinate. Ni asidi ya azelaiki iliyofungwa na molekuli mbili za glisini na kugeuzwa chumvi ya potasiamu, nayo huyeyuka majini bila tabu. Ni mpole kwa ngozi, lakini namba yake isomwe kwa uangalifu. Malighafi yake kwa kawaida huuzwa viwandani ikiwa myeyusho wenye takribani 30% ya kitu chenyewe, hivyo "10%" iliyoandikwa kwenye kasha yaweza kuwa 10% ya myeyusho, yaani 3% tu ya chumvi hiyo. Na karibu nusu ya uzito wa chumvi hiyo si asidi ya azelaiki bali ni glisini na potasiamu. Kwa hiyo hata kama ingefunguka yote ndani ya ngozi, ungepata kama 1.5%. Kwa ngozi isiyovumilia chochote, mimi naona ni chaguo la heshima la kuanzia. Lakini matokeo ya utafiti wa 15% na 20% hayawezi kuazimwa na kubandikwa juu yake.

Sasa tuchukue mfano. Mwanamke mwenye ngozi nyeusi, chunusi zake zimepoa lakini zimemwachia madoa meusi mashavuni, na uso wake huwaka hata kwa sabuni ya kawaida. Asidi ya azelaiki inamfaa kwa sababu mbili. Inazuia kimeng'enya kiitwacho tairosinasi kisigeuze tairosini kuwa rangi ya ngozi, na huzilenga zaidi zile seli za rangi zinazofanya kazi kupita kiasi kuliko zilizotulia. Pia hutuliza uvimbe na kupunguza bakteria wa chunusi. Haimo katika kundi moja na hidrokwinoni na zebaki, ambazo Tanzania imezipiga marufuku katika vipodozi. Lakini ngozi nyeusi ina sharti lake: ikiwashwa sana, hujibu kwa doa jipya. Krimu iliyonunuliwa kuondoa madoa ikiunguza, inaongeza madoa.

Kwa hiyo achague krimu ya 10% yenye orodha fupi ya viambato, isiyo na manukato wala asidi ya salisiliki, ambayo kwa kawaida huongezwa kwenye bidhaa hizi. Asimamishe retinoli, vitamini C na chochote cha kusugua. Ajaribu kwanza chini ya taya, kiasi cha punje ya mchele, usiku tatu. Kukiwa shwari, apake usoni mara mbili kwa wiki, ngozi ikiwa imekauka kabisa baada ya kunawa, kwa sababu ngozi iliyolowa hupitisha zaidi. Apake losheni yake kwanza, asubiri dakika chache, ndipo apake kiasi cha njegere moja kwa uso wote. Njegere hiyo ni kama nusu gramu, nayo katika 10% inabeba miligramu 50 za asidi. Kama bado inamchoma mno, aiache dakika 20 kisha ainawe. Baada ya wiki mbili tulivu aongeze usiku mmoja, na kuendelea hivyo mpaka afike kila usiku.

Kuchonyota na kuwasha kunakoanza dakika chache baada ya kupaka na kuisha ndani ya nusu saa ni kawaida, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki 4. Asichopaswa kukivumilia ni joto au muwasho unaofika hadi asubuhi, uvimbe wa kope, vilengelenge, au ngozi kugeuka ya zambarau au nyeusi kuliko kawaida. Wekundu ambao vitabu vingi huutaja huenda usionekane kabisa kwenye uso wake, hivyo aguse kwa mgongo wa mkono: shavu lenye joto kuliko paji la uso ni taarifa tosha. Hapo aache, abaki na losheni peke yake mpaka ngozi itulie, na akirudia arudi kwenye mara mbili kwa wiki.

Krimu ikijiviringa na kutoka kama makombo ya kifutio, hiyo si dalili ya ngozi kukataa. Ni silikoni kugombana na kilichopakwa chini yake. Apunguze losheni au asubiri zaidi. Asubuhi apake krimu ya kuzuia jua, na yenye rangi inafaa zaidi, kwa kuwa oksidi za chuma zinazoipa rangi huzuia pia mwanga wa kawaida, ambao nao huyakoleza madoa ya ngozi nyeusi.

Apige picha siku ya kwanza, dirisha lile lile, saa ile ile, kisha wiki ya 12. Kabla ya hapo asihukumu. Ikiwa ngozi imetulia lakini madoa hayajasogea, ndipo suala la 15% linapokuja, na hilo aliamue pamoja na mfamasia au daktari wa ngozi. Daktari ndiye wa kuonwa mapema pia kama vipele vyake havina vichwa vyeusi hata kimoja na uso huwaka akila pilipili au akisimama jikoni, kwa sababu hiyo huenda ni rosasea, ambayo kwenye ngozi nyeusi hupita miaka bila kutambuliwa. Na akiona sehemu aliyopaka inakuwa nyeupe kuliko ngozi yake ya asili, aache mara moja na aende akaonyeshe. Jambo hilo limetokea kwa watu wachache, na lebo za dawa hiyo zinawataja kwa jina wenye ngozi nyeusi kuwa ndio wa kuangaliwa.