Sawa ya Nani, Sawa ya Lini

Saba Saba moja, chapisho letu la Siku ya Kiswahili Duniani lilitoka tarehe 8, saa sita mchana. Tulikuwa wanne katika asasi ndogo ya vitabu jijini Dar es Salaam: mwandishi, msanifu wa picha, mhakiki na mkurugenzi. Maneno yalikuwa tayari, picha iko tayari, ila mkurugenzi alikuwa kijijini, simu haipatikani, na bila kauli yake hakuna aliyethubutu kubonyeza. Tangu siku ile naiheshimu kazi niliyokuwa nikiidharau kama ya karani, ya kupanga kalenda ya machapisho.

Kalenda tuliyokuwa nayo ilionyesha siku ya kutoka tu. Mpishi wa shughuli angetucheka. Yeye huuliza kwanza watu wanakula saa ngapi, kisha anarudi nyuma mpaka saa ya kuwasha kuni. Nasi tukajifunza kurudi nyuma. Mwaka 2025 Saba Saba iliangukia Jumatatu, na kwa Tanzania hiyo ni sikukuu. Basi siku ya mwisho ya kazi ilikuwa Ijumaa tarehe 4, na kufikia hapo chapisho lilipaswa kuwa limeshapangwa lijitume lenyewe. Ruhusa ya mkurugenzi ikawa Alhamisi tarehe 3, uhakiki uishe Jumanne tarehe 1, rasimu ifike Jumatatu tarehe 30 Juni. Kwenye jedwali, siku ya ruhusa hujihesabu yenyewe:

```
=WORKDAY(A2,-2,Sikukuu!$A$2:$A$30)
```

A2 ni siku ya kutoka, na ukurasa wa Sikukuu una tarehe zote za mapumziko. Fomula inaruka Jumamosi, Jumapili na sikukuu, jambo ambalo kichwa cha mtu aliyechoka husahau.

Lakini tarehe ni nusu ya kazi. Ugumu uko kwenye neno "sawa". Zamani tulikuwa tukituma rasimu kwenye kundi la WhatsApp, mkurugenzi anajibu "sawa", na wakati huohuo mhakiki ameshatuma toleo jingine. Sawa ile ni ya lipi? Siku hizi kila chapisho lina mstari wake mmoja na kiungo cha rasimu moja. Ruhusa huandikwa palepale, kwa jina na tarehe. Ukibadilisha neno baada ya hapo, hali ya mstari inarudi nyuma, isipokuwa umesahihisha herufi.

Kila hatua pia tuliipa swali moja. Mhakiki anaulizwa kama ni kweli. Ndiye aliyekamata rasimu iliyosema UNESCO iliipitisha Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2022, ilhali iliipitisha Novemba 2021, na 2022 ndio mwaka iliposherehekewa mara ya kwanza. Mkurugenzi anaulizwa kama asasi iko tayari kuyabeba maneno haya. Haulizwi kama angependa "aidha" badala ya "pia". Hilo lilimuudhi mwanzoni, nami namwelewa, maana kumnyima mtu kalamu si jambo dogo.

Je, akikaa kimya? Watu wa kale walihesabu kimya cha mwali kuwa ridhaa. Sisi tumekubali hivyo kwa machapisho mepesi tu: tangazo la kitabu kipya, picha ya rafu. Penye fedha, picha ya mtoto au jina la mtu, kimya ni hapana, na naibu aliyeandikwa kwenye mstari huohuo ndiye anayetafutwa.

Dalili ya ugonjwa utaiona kwa kuhesabu siku ambazo mistari imelala mahali pamoja. Kwetu ilirundikana kwa mkurugenzi. Alikuwa na nusu saa, mara mbili kwa wiki, na kila chapisho humchukua kama dakika kumi. Hayo ni machapisho sita, ilhali sisi tulikuwa tukipanga kumi. Tulimlaumu miezi mingi kwa hesabu ya darasa la tatu. Tulipopunguza hadi matano, yakaanza kutoka kwa wakati.

Idi haikubali hesabu ile ya kurudi nyuma, kwa kuwa mwezi haujazi fomu. Kwenye kalenda tunaiwekea mistari miwili, ya siku mbili zinazofuatana, na kadi moja isiyotaja tarehe, iliyokwisha kupata ruhusa zote mapema wiki hiyo. Jina la wa zamu nalo limeandikwa. Usiku ule huwa kwa shangazi yake, sahani ya tambi pembeni na simu mkononi, akisubiri tangazo la mwezi.